Mwezi wa Kunakili

Ratiba ile Mzee Jamaldin aliichora kwa siku mbili, kwa rula ya mbao na kalamu za rangi tatu. Alipoimaliza aliibandika ukutani mbele ya meza ya mjukuu wake, akarudi nyuma hatua mbili akaitazama kama seremala atazamavyo mlango alioutia nakshi kwa mkono wake. Haikuwa na pengo. Tangu baada ya sala ya alfajiri hadi isha, kila nusu saa ilikuwa na mwenyewe: hesabu, kemia, biolojia, jiografia, Kiswahili, dini, kisha hesabu tena. Chakula cha mchana kilipewa dakika ishirini.

"Na kuumwa na kichwa kumepangiwa saa ngapi?" aliuliza mkewe, Mwanakuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Mwanamke, usinitie ila. Hii ni kazi ya kitaalamu."

"Naiona. Wino mwekundu wote umekwisha."

Fadhiya, mjukuu wao, aliketi kitini akiwa amejifunga leso mabegani ijapokuwa ilikuwa mchana na joto la mtaa wa Kuze halimsamehe mtu. Alikuwa amekonda hata bangili zake mbili Mwanakuu alimvua akamwekea, zisije zikaanguka. Mamake, Mejumaa, alikuwa ameolewa Lamu, akamwacha mtoto kwa wazazi wake asome Mombasa. Na kusoma alikuwa akisoma vizuri, mpaka juma la pili la mwezi wa sita mwaka ule wa tisini na sita, homa ya matumbo ilipomlaza. Alilazwa hospitali siku kumi, akatoka, homa ikamrudia, akalazwa tena. Alipoweza kusimama bila ya kushika ukuta, muhula wa pili ulikuwa umekwisha. Alikuwa amekosa masomo ya wiki saba, naye yu kidato cha nne. Karatasi ya kwanza ya hesabu ilikuwa imebakiza wiki kumi na mbili.

Hesabu ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lenyewe. Fadhiya alitaka kusomea ufundi wa maabara, na chuo alichokitaka kilidai C katika hesabu. C nzima, si ile yenye alama ya kutoa ubavuni. Kabla ya kuugua alikuwa akiipata, tena na ziada kidogo.

Mzee Jamaldin hakuwa na wasiwasi. Yeye alikuwa karani wa bandari miaka ishirini na sita, na ukarani ule hakuupewa kwa hisani ya mtu. Aliingia gatini mchukuzi wa magunia, na jioni akenda madarasa ya watu wazima, akasoma Kiingereza na uwekaji wa vitabu. Kitabu cha somo kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Basi alikiazima kurasa tano tano, akakinakili chote kwa mkono, tangu jalada hadi jalada, na miaka miwili baadaye akapasi. Nakala ile bado alikuwa nayo, kurasa mia tatu na kumi, hati moja mwanzo hadi mwisho bila ya kufutwafutwa.

"Utanakili kila ulichokosa," alimwambia Fadhiya. "Kwa taratibu yake, ukurasa baada ya ukurasa. Mkono ukiandika, kichwa husikia. Winnie atakuazima madaftari yake."

"Yote, babu?"

"Yote. Mtu hakijui kitu kwa kukiruka."

Fadhiya alisema inshallah, akachonga penseli.

*

Siku ya nne ya ratiba ile, mwalimu wa hesabu alikuja kumjulia hali. Jina lake Kadzo, Mgiriama wa Kaloleni aliyekaa kwenye nyumba za baraza la mji, Buxton. Mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha darasa la watu hamsini. Alipanda ngazi zile nyembamba akihema, akawapa wazee masalkheri yao, akala kaimati mbili alizopewa na Mwanakuu, kisha akasimama mbele ya ukuta akaisoma ratiba yote.

"Mzee, hii ni ratiba nzuri," alisema. "Lakini ni ya mtu asiyechoka."

"Mimi nilisoma hivi, mwalimu."

"Fadhiya, jana ulifika wapi?"

Fadhiya alimtazama babu yake kwanza. "Kemia ya saa nane, mwalimu. Kisha nikalala."

"Alijiegemeza," Mzee alisahihisha.

"Alilala mpaka laasiri," Mwanakuu alisema. "Nimemfunika mimi."

Mwalimu Kadzo hakucheka. Alitoa bahasha ya kaki mkobani akaiweka mezani. "Hizi ni karatasi za mitihani ya miaka sita. Mzee, mimi nilikuwa na fikira hii. Kuna mada sita za hesabu ambazo hakuwapo tulipozisoma. Akae na karatasi hizi asubuhi moja tu, aandike kila mada imekuja mara ngapi na ina alama ngapi. Kisha tujiulize kila moja yataka siku ngapi, na yasimama juu ya nini alichokwisha kukijua. Halafu tuzipange. Ya juu aianze kesho. Ya chini akiifikia, Mungu mkubwa. Asipoifikia, hakupoteza sana."

"Kwa hivyo kuna mambo utamfundisha asiyajue."

"Nitamfundisha ayajue yapi kwanza."

"Mwalimu, usinielewe vibaya." Mzee Jamaldin alikuwa amejipweteka kitini, mkono juu ya fimbo. "Sisi huku tumelelewa chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Mtoto haruki. Akikosea aya moja hurudishwa nyuma. Elimu si soko la Makadara, uchague nyanya hii uiache hii."

"Mtihani ni kama soko, mzee. Una saa mbili na nusu na kikapu kimoja."

"Basi mtihani na uwe soko. Nyumba yangu si soko."

Alilisema kwa upole, na kwa upole akamshukuru mwalimu kwa kuacha shughuli zake. Mwalimu alimtazama Fadhiya, na Fadhiya akatazama mikono yake. Hakuna msichana wa Kuze atakayemkatiza babu yake mbele ya mgeni, na Kadzo alikuwa amekaa na watu wa mji miaka ya kutosha kulijua hilo. Alishuka ngazi. Bahasha Mzee aliiweka juu ya kabati, mahali salama, akaagiza isiguswe mpaka kunakili kwishe.

*

Mwezi wa nane ukapita hivyo. Winnie Kaingu, rafiki yake Fadhiya, alikuja kila siku ya pili kutoka Buxton na madaftari mawili, akarudi na mawili. Fadhiya alinakili asubuhi akiwa na nguvu na mchana akiwa hana. Hati yake ilikuwa nzuri tangu zamani, na sasa ikawa nzuri zaidi, maana babu yake alipita kila baada ya sala akitazama juu ya bega lake. Vichwa vya mada alivipigia mistari miwili kwa wino mwekundu mpya. Palipokuwa na mchoro alichora kwa bikari, na mara mbili Mzee alimwambia aurudie.

Siku moja Winnie, akingoja kupewa madaftari yake, alichungulia akasema, "Fadhiya, hapa mbona umeandika hata 'kengele imelia'?"

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi nilikuwa nikimwandikia Kombe aliyekaa nyuma yangu."

Wasichana walicheka mpaka Fadhiya akakohoa. Mzee Jamaldin, aliyekuwa chumba cha pili, aliwasikia akafurahi. Alidhani masomo yameanza kupendeza.

Mara moja tu mtoto alijaribu kusema. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwezi, akiwa amefika kwenye mada ya mistari ya longitudo na latitudo. Alisema, bila ya kuinua uso, "Babu, nilikuwa nafikiri labda nijaribu maswali kidogo. Nikiandika tu, nikifunga daftari sikumbuki."

"Utakumbuka. Maji hujaa tone kwa tone. Bado kurasa ngapi?"

"Sabini."

"Basi huu si wakati wa kusimama."

Alimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Madaftari manne ya hesabu, mawili ya kemia, mawili ya biolojia. Mzee aliyapanga mezani, akaita jirani yake Sabir aliyeuza kofia aje ayatazame, na Sabir akasema wallahi hati kama hii siku hizi haipo tena.

*

Shule ilipofunguliwa walipewa mtihani wa kuanzia muhula. Fadhiya alirudi nyumbani Ijumaa na karatasi ya hesabu ameikunja mara nne. Kabla ya kuugua alikuwa amepata hamsini na nane. Sasa alikuwa amepata ishirini na moja.

Mzee Jamaldin aliisoma karatasi ile mara mbili, kwa miwani na bila ya miwani. Maswali ya takwimu, tupu. Maswali ya kalkulasi, mstari mmoja kisha tupu. Na kulikuwa na maswali ya kidato cha pili aliyokuwa akiyaweza zamani, nayo ameyakosa, maana mwezi mzima hakuyagusa.

"Haya yote umeyaandika," alisema. "Nimeyaona kwa macho yangu."

"Nimeyaandika, babu."

"Sasa?"

"Nilikuwa nayaona ukurasa ulivyo. Naona hata mahali wino ulipokolea. Lakini namba zikibadilishwa sijui nianze wapi."

Hakulia. Alikwenda kumsaidia bibi yake kuchagua mchele, na Mzee akabaki na karatasi. Baadaye Mwanakuu alirudi peke yake akaketi kwenye mkeka, akaendelea kuchagua, mkono wake ukitupa vijiwe kimoja kimoja kwenye kawa.

"Bwana," alisema, "wewe chuoni ulianza na sura gani?"

"Sura gani? Fatiha. Kila mtu huanza na Fatiha."

"Baada ya Fatiha?"

Mzee aliikunja karatasi ya mtihani, akaiweka gotini. Baada ya Fatiha, kama kila mtoto wa pwani hii, alianza na Juzuu ya Amma, nayo ni juzuu ya mwisho, ya thelathini. Na juzuu yenyewe aliianza mkiani, kwa visura vifupi vya mistari mitatu minne, akapanda kwenda juu.

"Mwalimu wetu hakuwa mjinga," Mwanakuu aliendelea. "Alijua msahafu wafunguliwa wapi. Lakini alijua vile vile mtoto akifika miaka saba yampasa asali, na mwenye kusali ataka sura fupi za kusalia. Baqara, ile ndefu ya mwanzo, itamngoja. Alitupa kwanza tulichokihitaji kwanza. Sasa wewe ukamwambia yule mwalimu wa watu kwamba chuoni hatuchagui."

"Mbona hukunena siku ile?"

"Ulikuwa na mgeni. Ningekuaibisha." Alitupa kijiwe. "Na mimi nimekosa, bwana. Nimekaa na neno hilo mwezi mzima."

Mzee Jamaldin aliondoka akaenda kwenye kabati. Bahasha ilikuwa na vumbi jembamba. Aliipangusa kwa kanzu yake.

*

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda Buxton pamoja na Fadhiya. Walikwenda kwa miguu kupitia Makadara, polepole, wakipumzika kila penye kivuli, maana pumzi za mtoto zilikuwa bado fupi. Njiani Mzee alikuwa akizitunga sentensi za kumwambia mwalimu. Zilikuwa nzuri. Walipofika mlangoni zilimpotea zote, akasema tu, "Mwalimu, tumekuja kwa zile karatasi."

Kadzo alitazama bahasha, akaona gundi yake haijaguswa. "Karibuni ndani," alisema. "Winnie yuko hapa juu, nitamwita."

Alianza kwa kuomba madaftari. Aliyafungua moja moja. "Mkono mzuri sana," alisema, na Mzee akainamisha kichwa kama aliyepigwa. Kisha Kadzo akasimama kwenye ukurasa wa matriksi. Ulikuwa ule ambao Mzee alimwonyesha Sabir.

"Hapa, Fadhiya. Kutafuta detaminanti ya matriksi. Wazidisha hizi mbili za mshazari, kisha wazidisha hizi nyingine mbili, halafu?"

"Wajumlisha, mwalimu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Watoa. Winnie, mbona umemwandikia ajumlishe?"

"Nilikosea, mwalimu," Winnie alisema. "Nilisahihisha juzi ulipotusahihishia mtihani. Yeye alinakili kabla."

Kosa lile lilikuwa limenakiliwa katika mifano tisa, kurasa tatu, kila jibu la kosa limepigiwa mistari miwili myekundu. Mzee alikumbuka ya kwamba ukurasa ule alikuwa ameurudisha uandikwe upya kwa sababu mabano hayakusimama sawa.

Kisha wakafanya ile kazi ya asubuhi moja. Fadhiya alisoma karatasi, Winnie akatia vijiti chini ya jina la kila mada. Takwimu: kila mwaka, na mara nyingi swali zima la alama nane. Longitudo na latitudo: miaka mitano kati ya sita. Kalkulasi: kila mwaka, tena zaidi ya mara moja. Swali la kuchora mistari ya mipaka na kutafuta faida kubwa: miaka minne. Matriksi: swali fupi karibu kila mwaka, na swali refu la kugeuza maumbo miaka minne. Swali la njia ya nukta, lile la kuchora kwa bikari: miaka mitatu.

"Kwa hivyo kalkulasi ndiyo ya kwanza," Mzee alisema.

"Ingekuwa vijiti peke yake, ndiyo. Lakini tazama, mzee. Takwimu yataka kujumlisha, kuzidisha na kuchora, na hayo anayo. Siku nne. Longitudo yasimama juu ya duara na kosini, navyo alivisoma kidato cha tatu. Juma moja. Mistari ya mipaka, siku tano. Kalkulasi ni nyumba ya ghorofa mbili. Huwezi kupanda ya juu hujajenga ya chini, na zote mbili ni wiki tatu kwa mtu mwenye afya." Aliandika huku akisema. "Tuna wiki saba. Ana kemia na biolojia zinazomngoja vile vile. Na nusu ya kila siku ya hesabu ni lazima aifanyie yale ya zamani, maana sehemu ya kwanza ya karatasi ndimo yalimojaa, na ndiyo yanayomtoka. Tukikimbilia mapya tukayaacha yale, tutakuwa tumeteka kwa ndoo iliyotoboka."

Basi wakapanga. Takwimu juu, kisha longitudo, kisha mistari ya mipaka, kisha matriksi ile fupi peke yake, kisha ghorofa ya chini ya kalkulasi. Vipindi viwili kwa siku, dakika arubaini arubaini: kigumu kabla ya kwenda shule, kwa kuwa jioni mwili wake huanguka, chepesi baada ya laasiri. Ijumaa mchana hapana kitu. Jumapili iliachwa tupu makusudi, ili lililomshinda katika juma liwe na pa kuingia. Na mwisho wa kila mada, maswali ya mitihani iliyopita, daftari limefungwa, saa mkononi.

"Swali la alama nane ni dakika kumi na mbili," Kadzo alisema. "Mzee, wewe ndiwe utakayeshika saa."

"Na hizi?" Mzee aliweka kidole kwenye mstari wa chini. Ghorofa ya juu ya kalkulasi, kugeuza maumbo, njia ya nukta.

"Hizi tunaziacha. Sehemu ya pili ya karatasi ina maswali manane, naye atakiwa ajibu sita. Mtihani wenyewe umemruhusu kuacha mawili."

"Hizi ni tatu."

"Ni tatu," Kadzo alikubali.

Mzee alikaa na kidole chake pale pale. Kisha akauliza, na tangu hapo alijua ya kwamba hakupaswa kuuliza mbele ya mtoto. "Na kama tungeanza siku ile ulipokuja?"

Mwalimu alifunika kalamu. Angeweza kumpunguzia, ila hakuwa mtu wa kupunguza. "Kalkulasi ingeingia yote," alisema.

*

Wiki zile saba nyumba ya Kuze ilikwenda kwa karatasi moja ya daftari, isiyopigwa rula, yenye maandishi ya watu watatu. Ile ratiba kubwa Mzee aliibandua mwenyewe. Takwimu ilichukua siku tano badala ya nne. Longitudo ilichukua juma lake sawasawa, na Jumamosi Fadhiya alipojibu swali zima huku babu yake ameshika saa, alipata alama saba kati ya nane, na moja aliipoteza kwa kusahau kuandika kama ni mashariki au magharibi. Mzee alifurahi mpaka kifua kikamuuma, na kilichomuuma hakikuwa furaha yote. Kitu kile kile alichokinakili mtoto mwezi wa nane kwa siku sita akitoka jasho, bila ya kupata chochote, sasa amekipata kwa siku saba za dakika arubaini.

Sasa alikuwa akiielewa ile nakala yake ya kurasa mia tatu na kumi. Yeye alinakili kwa sababu hakuwa na kitabu. Na baada ya kunakili alikuwa na miaka miwili ya kukisoma alichokinakili, akiwa mzima, mabega ya kubeba magunia. Yale mambo mengine yote alikuwa ameyasahau, akakumbuka wino.

Katikati ya mwezi wa kumi Fadhiya aliona homa tena. Haikuwa ile, daktari alisema, ni uchovu. Siku nne hakushika kalamu. Jumapili moja ilimeza mbili katika hizo. Mbili nyingine zilipunguzwa kwenye kalkulasi ya chini. Mwanakuu alisema mpango mzuri ni ule unaojua kuumwa, na safari hii Mzee aliitikia kwa kichwa.

Siku ya karatasi ya pili, Mzee alimngoja kwenye ngazi za chini. Alimwona akija na Winnie, wakizungumza taratibu.

"Takwimu ilikuja, babu," alisema akikaa ngazi moja chini yake. "Longitudo ilikuja. Mistari ya mipaka pia."

"Alhamdulillahi."

"Maswali nilikuwa nayo matano. Ya kugeuza maumbo niliiacha, na ya njia ya nukta, kama tulivyosema. Ya sita iliyobaki ilikuwa kutafuta eneo chini ya mkunjo wa grafu."

"Ghorofa ya juu."

"Ndiyo. Nilikaa nayo dakika tano, nikaiacha nikarudi kukagua yale mengine."

"Umefanya vyema kurudi," alisema Mzee. Alikuwa amejifunza hayo angalau.

*

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Biolojia alipata B, kemia C yenye kuongeza, Kiswahili A. Hesabu, C yenye alama ya kutoa. Chuo kilimjibu kwa barua fupi ya adabu ya kwamba hakutimiza sharti.

Mwalimu Kadzo alikuja akasema mtihani waweza kurudiwa, na kwamba mtu aliyetoka ishirini na moja akafika pale kwa wiki saba, yeye hana wasiwasi naye. Hayo yalikuwa kweli. Mzee Jamaldin alimshukuru, akamsindikiza mpaka njia kuu, jambo alilokuwa halifanyi kwa kila mgeni. Aliporudi alimkuta Fadhiya sebuleni akipiga pasi buibui la bibi yake.

Mzee alikaa. Sentensi zile nzuri alizozitunga njiani kwenda Buxton zilimrudia, zote, moja nyuma ya nyingine, naye akaziona hazifai.

"Ulikuwa ni ule mwezi," alisema.

Fadhiya aliinua pasi akaisimamisha. Mzee alimngoja aseme la, babu, ni maradhi, ni Mungu hakupenda, hakuna ajuaye. Ndivyo walivyokuwa wakisema wote waliokuja kuwapa pole, na ndivyo mtoto mwenye adabu angesema.

"Ndiyo, babu," alisema. "Ulikuwa ni ule mwezi."

"Ulijua?"

"Tangu juma la kwanza. Niliona haya kukwambia. Na ile mara moja nilipokwambia, sikusema kwa nguvu."

"Ungesema kwa nguvu ningekusikia?"

Fadhiya alilifikiria swali lile kwa haki, kama alivyofundishwa kufikiri kabla ya kuandika. "La," alisema. "Sidhani."

Hakulisema kwa hasira wala kwa kumwonea huruma. Aligeuza buibui upande wa pili, akalinyoosha kwa kiganja, akatia pasi. Mzee Jamaldin alibaki amekaa, mikono juu ya fimbo, akimtazama akipiga pasi mkono mmoja wa buibui kisha wa pili.